Nimepima waifai ya nyumba nzima mara mbili kwa simu, ramani mbili hazifanani hata kidogo. Ipi niiamini?

MamaIsamilo #1
Mwangaluka wakuu. Nafanya kazi ya hesabu nikiwa nyumbani Isamilo, na kila asubuhi nina kikao cha video na ofisi ya Dar. Nakaa chumba cha mwisho nyuma kwa sababu ndicho chenye utulivu, ila picha inaganda na sauti inakatika. Ruta iko sebuleni, ripita nimeichomeka koridoni karibu na jiko, na zote mbili zina jina moja la mtandao.

Jumamosi nikapakua programu ya kupima mawimbi. Nikachora ramani ya nyumba kwenye daftari la mraba, nikaipiga picha, nikaiambia programu kwamba ukuta wa sebule una mita 5, kisha nikatembea huku nikigusa ramani kila niliposimama. Mzunguko wa kwanza nilianzia sebuleni nikaenda nyuma. Chumba cha mwisho kikatoka kijani, -59. Nikafurahi, lakini kikao cha Jumatatu kikakatika vilevile.

Jioni nikapima tena, safari hii nikianzia chumba cha mwisho kuja mbele. Kitandani -76, rangi ya machungwa. Kilichonishangaza zaidi ni sebule: nimesimama hatua mbili kutoka kwenye ruta, ramani inasema -63! Jumamosi asubuhi hapohapo ilikuwa -41. Nyumba ni ileile, simu ni ileile. Nataka kujua tatizo liko wapi kabla sijanunua ripita ya pili.

Dagaa Mkavu #2
Mama, ramani ya joto ya nyumba za Isamilo haihitaji simu. Mabati yakipigwa na jua la saa nane kila chumba ni nyekundu. Weka dari ya jipsamu na uache matundu ya hewa chini ya paa, nyuma kutapoa. Mimi nilifanya hivyo Nyakato na sijutii.

Simba wa Ziwa #3
@Dagaa Mkavu soma tena bandiko la kwanza taratibu, mkuu. Anapima waifai, siyo jua.

Dagaa Mkavu #4
Nimeliona. Niliposikia ramani ya rangi nikajua ni joto. Ushauri wa jipsamu ubaki hapo, utamfaa mwingine.

Ngosha wa Buswelu #5
Dada, hiyo ni habari ya mawe. Isamilo yote imekaa juu ya miamba, na nyumba nyingi ukuta wa nyuma umeegemea jiwe. Jiwe la Mwanza ni zito, linafyonza mawimbi. Asubuhi jiwe limepoa, jioni limeshika joto, ndiyo maana vipimo vikabadilika. Chumba chako cha mwisho kina jiwe nyuma yake au hakina?

MamaIsamilo #6
Kina, ngosha. Jiwe kubwa kuliko gari, limeachana na ukuta kama nusu mita tu.

Fundi Nguzo #7
Nafunga mitandao ya nyumba za wageni hapa mjini na kazi hii ya kutembea na simu naifanya karibu kila wiki. Ngosha yuko sahihi kwamba jiwe linazuia mawimbi, ila lazima liwe katikati ya ruta na simu. Jiwe la MamaIsamilo liko nyuma ya chumba, mawimbi yanafika kitandani kabla ya kulifikia. Habari ya jiwe kupoa na kupata joto haiwezi kuleta tofauti ya 22 sebuleni, na huko sebuleni jiwe halipo kabisa.

Kwa wasiozijua hizi namba: zote ni hasi, kwa hiyo -41 ni nguvu kubwa na -76 ni dhaifu. Kila ukishuka 10, nguvu inayofika imepungua mara kumi. Kikao cha video napenda kiwe -67 au juu yake. Ukishafika -75 utaishi kwa kubahatisha.

Mama, sebule yako ndiyo inayonipa shaka. Hatua mbili kutoka kwenye ruta haiwezi kuwa -63. Kipimo hicho hakikuchukuliwa sebuleni, kimechukuliwa mahali pengine ulikopita kabla, wewe ukakigusisha sebule. Programu nyingi zinakuruhusu kutoa orodha ya vipimo pamoja na saa. Itoe uibandike hapa, mzunguko wa kwanza unatosha.

MamaIsamilo #8
Nimeipata. Majina ya vyumba nimeandika mwenyewe.

```
10:14:02  sebule                       -41
10:14:13  korido                       -41
10:14:22  jikoni                       -41
10:14:30  chumba cha pili              -41
10:14:41  chumba cha mwisho, mlangoni  -59
10:14:52  chumba cha mwisho, kitandani -59
```

Fundi Nguzo #9
Hapo sasa. Angalia -41 imekaa sehemu nne mfululizo, kuta zimepita, namba haijacheza hata moja. Waifai halisi haitulii hivyo, hata ukisimama palepale inapanda na kushuka mbili tatu. Namba inayojirudia bila kubadilika ni kipimo cha zamani.

Sababu yake: tangu Android 9, simu inaibana programu iliyo mbele yako isiskani mitandao zaidi ya mara 4 ndani ya dakika 2. Wastani ni mara moja kila sekunde 30. Wewe umeimaliza nyumba nzima kwa sekunde 50. Yaani ramani yako ya kwanza ina vipimo viwili tu vya kweli, vilivyobaki ni nakala. Hiyo -59 ya kitandani pengine ilichukuliwa ukiwa bado hujaingia chumbani.

Ndiyo maana upande unaoanzia unaamua ramani itoke vipi. Ukitoka penye nguvu kwenda penye udhaifu, nyuma kunapakwa uzuri usiokuwepo. Ukitoka nyuma kuja mbele, udhaifu unauburuta hadi mlangoni mwa ruta.

Kapripointi #10
Fundi, sahihisho dogo. Siyo kwamba kila sekunde 30 inaruhusiwa moja. Programu inaweza kuzitumia zote nne kwa pupa mwanzoni, halafu ikakaa kimya karibu dakika mbili. Kwa hiyo hata ukisubiri sekunde 30 kila chumba huna uhakika.

Pili, sikubali kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Ana ruta na ripita zenye jina moja. Simu ikishashika ripita huko nyuma haiiachii kirahisi, inang'ang'ania hata ikipita mbele ya ruta, mpaka ripita iwe dhaifu kweli. Kama programu yake inasoma ule mtandao aliounganishwa nao, basi -63 ya sebuleni ni kipimo halali kabisa, ila ni cha ripita iliyo koridoni. Mama, kwenye hiyo orodha hakuna safu ya BSSID, ile anwani inayotofautisha ruta na ripita? Angalia herufi mbili za mwisho.

MamaIsamilo #11
Ipo, niliifuta nisiwachoshe. Ruta inaishia 4c, ripita 9e. Mzunguko wa kwanza zile -41 zote ni 4c na zile -59 ni 9e. Mzunguko wa pili ni 9e mwanzo mpaka mwisho, pamoja na sebuleni.

Kapripointi #12
Basi. Sebuleni simu yake ilikuwa imeng'ang'ania ripita.

Fundi Nguzo #13
Au orodha ilikuwa ya zamani kutoka chumba cha pili, ambako ripita ndiyo iliyokuwa na nguvu. BSSID ya 9e inakubaliana na hadithi zote mbili, mkuu. Ingekuwa kung'ang'ania peke yake, namba ingekuwa inachezacheza, kwa sababu mtandao uliounganishwa nao simu inausoma upya kila baada ya sekunde chache na haubanwi na ile sheria. Mama, mzunguko wa pili namba zilijirudia?

MamaIsamilo #14
Nyingine zimejirudia, nyingine hapana. -76, -76, -74, -63, -63.

Simba wa Ziwa #15
Hapo kila mmoja kapata goli lake.

Mwalimu wa Nansio #16
Samahani naingilia na yangu. Niko Ukerewe, tunaishi nyumba za walimu, ruta iko kwangu na jirani yangu anaitumia kwa ruhusa. Nilitembea na programu kama hiyo, tena taratibu, hadi barazani kwa jirani ni kijani cha kukolea, -64. Lakini akituma picha kwa simu yake haziendi, kupokea anapokea. Kwa hiyo mimi nimeshaacha kuziamini hizi ramani.

Fundi Nguzo #17
Mwalimu, ramani haikudanganya, imekujibu swali moja tu: simu inaisikia ruta kwa nguvu gani. Haisemi ruta inaisikia simu vipi. Ruta imechomekwa ukutani na ina antena ndefu, simu inabana betri na antena yake iko ndani ya kiganja. Mwenye sauti kubwa anasikika mbali, mwenye sauti ndogo hajibu mpaka asogee. Na -64 ni ya simu yako wewe. Simu ya jirani inaweza kusoma tofauti kwa 5 au 6 mahali palepale. Pima kwa simu yake.

Shangazi Kirumba #18
Mimi naomba mnisaidie na hili, linahusiana. Nakaa Kirumba, wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wakija hukai ndani, kwa hiyo madirisha yote nimeweka wavu mwembamba sana. Barazani hakuna waifai kabisa ingawa ruta iko dirishani. Wavu unaweza kuwa sababu?

Kapripointi #19
Shangazi, inategemea ni wavu gani. Wa plastiki hauna shida. Wa alumini wenye matundu madogo hivyo, waifai inauona kama bati, kwa sababu tundu ni dogo mno kulinganisha na wimbi, ambalo kwa gigahezi 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12. Sumaku haitakusaidia kujua, alumini hainasi. Kata uzi mmoja pembeni uuchome kwa kiberiti, ukiyeyuka na kujikunja ni plastiki.

Ngosha wa Buswelu #20
Kwa hiyo nondo za dirisha nazo zinazuia?

Kapripointi #21
Kidogo sana, ngosha. Nafasi kati ya nondo na nondo ni kubwa, mawimbi yanapita.

Fundi Nguzo #22
Turudi kwa MamaIsamilo. Rudia mzunguko wa tatu hivi. Nenda Settings, ingia "About phone", gusa "Build number" mara saba ili Developer options zifunguke, humo zima "Wi-Fi scan throttling". Ipo kuanzia Android 10. Location iache imewashwa, bila hiyo orodha ya mitandao haitoki. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ripita, uipe jina lake tofauti, ili ujue unampima nani. Gusa ramani ukiwa umesimama, siyo ukitembea, na usiguse mpaka namba icheze angalau mara moja.

Kitu cha mwisho ni mwili wako. Simu ukiishika kifuani na mgongo ukiwa umeelekea ruta, wewe mwenyewe ndiye ukuta, kwa sababu mwili ni maji. Kila sehemu geuka pande nne na uandike ya chini na ya juu.

Simba wa Ziwa #23
Majirani watasema mama ameanza kucheza ngoma peke yake chumbani.

Asha wa Igoma #24
Mimi nina Aifoni, hiyo Build number siioni na programu za kuskani sizipati. Nafanyaje?

Kapripointi #25
Hutazipata, dada. Apple hawaruhusu programu za kawaida kuona orodha ya mitandao na nguvu zake. Pakua AirPort Utility ya Apple wenyewe, kisha kwenye Settings za simu washa Wi-Fi Scanner yake. Itakupa namba, ila ramani utachora mwenyewe kwenye karatasi. Mimi naona karatasi inatosha.

MamaIsamilo #26
Wakuu, nimefanya kama Fundi alivyosema, imenichukua karibu saa nzima. Nimepima sehemu 31. Sebuleni ruta ni -40 mpaka -45. Ripita: korido -44, chumba cha pili -57, chumba cha mwisho mlangoni -64, kitandani -74 mpaka -79 kutegemea nimegeukia wapi. Mbaya zaidi ni nikilipa dirisha uso na korido mgongo, na hivyo ndivyo ninavyokaa kwenye vikao!

Sasa sebule haisomi -63 tena, nimeanza kuiamini ramani. Aliyekuwa sahihi ni Fundi au Kapripointi?

Kapripointi #27
Umezima kubanwa na umetenganisha majina kwa siku moja, mama. Umetibu magonjwa mawili kwa kidonge kimoja, hatutajua lipi lilikuwa linakuumiza. Ungebadilisha moja, ukapima, kisha la pili.

Fundi Nguzo #28
Ni kosa langu, nilimpa yote pamoja. Lakini sasa tuna namba za kweli. Mlangoni -64, kitandani wastani -77. Kuna mita ngapi kati ya hapo?

MamaIsamilo #29
Mita 4 hazifiki. Kutoka kwenye ripita mpaka mlangoni ni 7.

Fundi Nguzo #30
Basi kuna kitu kati. Penye uwazi, ukiongeza umbali maradufu unapoteza 6 hivi. Ripita iko mita 7 kutoka mlangoni, kuongeza 4 hakufiki hata maradufu. Ulipaswa kupoteza 3 au 4, wewe umepoteza 13. Zilizobaki zimemezwa na kitu kilichomo chumbani humo. Kuna nini kati ya mlango na kitanda?

MamaIsamilo #31
Kabati la nguo. Nililiweka kama kizuizi ili kitanda kisionekane koridoni. Milango yake yote ni kioo.

Shangazi Kirumba #32
Kioo nacho kinazuia? Si mwanga unapita?

Fundi Nguzo #33
Kioo cha kujitazamia, shangazi, mgongoni kimepakwa madini, ndiyo maana kinarudisha sura yako. Waifai nayo kinairudisha ilikotoka. Ongeza nguo zilizojaa na mbao. Mama, usihamishe kabati bado. Pima mbele yake na nyuma yake, sehemu mbili zilizo karibu kabisa.

MamaIsamilo #34
Mbele -65, nyuma -75. Kati yake ni hatua moja tu. Na hapa ndipo nimegundua jambo jingine: kwenye ramani ya kwanza sikugusa nyuma ya kabati, ila programu ilikuwa imepaka kijani pale pamoja na uani kwa jirani na kwenye tangi la maji, ambako sijawahi kukanyaga.

Kapripointi #35
Hapo inakisia. Inachukua sehemu ulizogusa, inachanganya rangi kwa kufuata umbali tu. Haijui kama kuna ukuta au kabati, kwake ramani yako ni picha. Gusa kila mita mbili hivi, na kila ukuta gusa pande zote mbili, la sivyo rangi zitavuka kuta kama wino kwenye karatasi iliyolowa.

Simba wa Ziwa #36
Kwa nini asihamishie ripita chumbani tu, yaishe? Mnamzungusha.

Fundi Nguzo #37
Mkuu, akiihamishia chumbani ramani itakuwa kijani nzuri kuliko zote na kikao kitakatika zaidi. Ripita inatoa tu kile inachokipata. Chumbani kwake ruta yenyewe itafika ikiwa hoi, ripita itapaza sauti kubwa ikirudia maneno nusu nusu, na kama ni ile ya gigahezi 2.4 pekee, inasikiliza na kusema kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kasi inakatwa karibu nusu. Ramani ya ripita lazima isomwe pamoja na kipimo cha ruta mahali ripita ilipo. Mama, hapo koridoni ruta inasoma ngapi?

MamaIsamilo #38
-60.

Fundi Nguzo #39
Iko mahali pazuri. Iache hapo.

Kapripointi #40
Mimi ningevuta waya kutoka kwenye ruta mpaka koridoni, nikaachana na ripita kabisa. Mita 10 za waya siyo gharama.

Fundi Nguzo #41
Kwa waya sina ubishi. Ila kabati kwanza.

MamaIsamilo #42
Kijana wa jirani amenisaidia, kabati limehamia ukuta wa pembeni, kitanda nimekifichia pazia. Kitandani sasa -69 mpaka -72. Leo kikao cha saa tatu kimeisha bila kuganda, sauti ilikatika mara moja. Wabeja sana wote.

Ngosha wa Buswelu #43
Nafurahi. Lakini Fundi alisema angepoteza 3 au 4 kutoka -64, yaani ilitakiwa -68 hivi, na sisi tuko mpaka -72. Hizo zilizobaki ni za nani? Jiwe liko palepale. Subirini mvua za masika ukuta wa nyuma ulowe, apime tena.

Fundi Nguzo #44
Hizo zilizobaki ni mwili wake akigeuka, ngosha. Ukuta uliolowa kweli unazuia zaidi ya mkavu, ila huo wa nyuma hauko njiani.

Ngosha wa Buswelu #45
Mawimbi hayarudi kutoka kwenye jiwe? Mbona kioo umesema kinarudisha?

Kapripointi #46
Hapo ngosha ana hoja. Yanayorudi yanaweza kukutana na yanayokwenda, mahali fulani yakauana. Mama, sogeza simu sentimita 6 kushoto na kulia ukiwa kitandani, uone kama namba inaruka.

MamaIsamilo #47
Inaruka kutoka -69 mpaka -73. Ila na mlangoni inaruka hivyohivyo, na huko hakuna jiwe.

Shangazi Kirumba #48
Mimi nimechoma uzi wa wavu. Haukuyeyuka, umebaki mweusi. Sasa nitoe wavu niliwe na wadudu, au nikae bila waifai barazani?

Mwalimu wa Nansio #49
Shangazi, sogeza ruta iwe mkabala na mlango badala ya dirisha. Mimi nimepima kwa simu ya jirani barazani kwake: -71, siyo -64. Leo jioni naihamishia ruta dirisha la upande wake, nitaleta namba.